Siku moja maishani mwangu: mhasibu wa gharama kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti, Dodoma

Saa 1:00 asubuhi, Jumatatu

Siku yangu inaanzia stoo, kabla kompyuta haijawashwa. Tunakamua alizeti maeneo ya Kizota, na kila Jumatatu nafunga hesabu ya malighafi ya wiki iliyopita. Kazi yenyewe ni kulinganisha kilichotumika na kiwango tulichojiwekea. Kiwango chetu kinasema hivi: dumu moja la lita 20 lililochujwa linakula kilo 66 za alizeti, yaani kilo 3.3 kwa lita. Kilo moja, ikishafika getini kwetu, ni shilingi 1,000. Ndani ya zile kilo 3.3 tumeshahesabu taka asilimia 3, kwa sababu alizeti ya gunia haiji bila mchanga na makapi.

Wiki iliyopita ilianza stoo ikiwa tupu, kisha zikaingia kilo 20,000 kutoka upande wa Chemba. Jumamosi jioni, mashine ziliposimama, tulipima kilichobaki na kupata kilo 2,900. Kwa hiyo zilizotumika ni kilo 17,100.

Hati za kutolea mali zinasema kitu kingine. Zinaonyesha magunia 260, na mtunza stoo amezidisha kwa kilo 65 akapata 16,900. Hizo kilo 200 hazijaibiwa. Magunia yetu hayalingani. Mengine yana ka-lumbesa ka kushonea juu, na zamu ya usiku hutoa kwa kuhesabu magunia bila kupandisha mizani. Naifuata mizani, siyo idadi ya magunia. Anayekokotoa matumizi kwa magunia anapata tofauti iliyotengenezwa na uzi wa kushonea.

Saa 2:30 asubuhi

Upande wa mafuta ni wepesi zaidi, ila una mtego mmoja. Madumu yaliyojazwa ni 228, sawa na lita 4,560. Lakini kwenye tangi la kutuamisha yamebaki mafuta ambayo hayajapita kwenye chujio. Tunachovya kijiti kilichowekwa alama, tunaondoa kina cha mashapo yaliyolala chini, tunabaki na lita 240. Jumla lita 4,800. Ukisahau tangi, wiki hii itaonekana mbovu kupindukia na wiki ijayo itaonekana ya ajabu, na mtasifiana bure.

Saa 4:00 asubuhi: tofauti ya bei

Ankara ya mfanyabiashara inasema shilingi 890 kwa kilo. Ukiilinganisha moja kwa moja na 1,000 unapata faida ya shilingi 2,200,000, na mtu wa manunuzi atataka picha yake ibandikwe ofisini. Tatizo ni kwamba kiwango chetu cha 1,000 ni bei ya alizeti iliyofika getini. Usafiri, ushuru wa mazao wa halmashauri na kushusha mzigo vimekula shilingi 50 kwa kilo, lakini ankara zake ziliandikwa kwenye akaunti ya usafiri. Nazirudisha kwenye malighafi, bei inakuwa 940.

```
Tofauti ya bei     = (1000 - 940) * 20000 = 1,200,000
```

Ni tofauti nzuri, kwa kuwa tumelipa chini ya kiwango. Naipiga kwa kilo zote 20,000 zilizonunuliwa, siyo 17,100 zilizotumika. Faida au hasara ya bei inapatikana siku ya kununua, na aliyenunua aulizwe wakati bado anakumbuka alinunua kwa nani. Ukisubiri mpaka mali itumike, mzigo wa Juni utakuja kuulizwa Septemba.

Hapa ndipo nasita kidogo. Bei ya alizeti hushuka wakati wa mavuno, kuanzia Mei na kuendelea, halafu hupanda kadiri stoo za watu zinavyoisha. Kiwango chetu ni wastani wa msimu mzima. Maana yake wakati wa mavuno karibu kila mnunuzi ataonekana hodari, na Januari wote wataonekana wazembe. Kwa hiyo pembeni ya hesabu naandika bei ya soko ya wiki hiyohiyo kwa alizeti safi, iliyofika. Wiki iliyopita ilikuwa 995. Soko limechangia shilingi 5 tu kati ya zile 60. 55 zilizobaki ni punguzo la huu mzigo wenyewe. Na mwenye alizeti safi hakupunguzii shilingi 55 kwa sababu ya salamu zako nzuri.

Saa 6:00 mchana: tofauti ya matumizi

Swali hapa ni moja: lita 4,800 zilipaswa kula kilo ngapi? Zidisha kwa 3.3, ni kilo 15,840. Zimekula 17,100. Ziada ni kilo 1,260, na naipa thamani kwa bei ya kiwango, siyo 940.

```
Tofauti ya matumizi = (15840 - 17100) * 1000 = -1,260,000
```

Kutumia bei ya kiwango kuna sababu. Msimamizi wa mashine hahusiki na bei. Ukimpigia hesabu kwa 940 unamgawia punguzo la mtu wa manunuzi, na siku bei ikiwa 1,150 utamtwisha hasara isiyo yake.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye hesabu za viwanda vidogo ni kulinganisha na mpango. Mpango wa wiki ulikuwa lita 5,000, ambazo zingehitaji kilo 16,500. Toa kwenye 17,100, unaona ziada ya kilo 600 tu, na nusu ya tatizo imefichwa. Huwezi kuruhusu kilo za lita 5,000 wakati zilizotoka ni 4,800.

Saa 8:00 mchana: kilo 1,260 zimekwenda wapi

Baada ya chakula narudi kiwandani na bambo, chekeche na mizani ndogo. Tarakimu imeshaniambia kwamba kuna ziada. Chanzo lazima kitoke kwenye mali yenyewe.

Kwanza taka. Tunachoma bambo kwenye magunia yaliyobaki, juu, katikati na chini, maana mchanga hushuka. Tunachanganya, tunapima kilo moja, tunachekecha. Zinatoka gramu 62. Ni asilimia 6.2 badala ya 3, na inakubaliana na daftari la zamu: taka zilizotolewa kwenye chekeche kubwa kabla ya kukamua zilikuwa kilo 1,060 kati ya 17,100. Ziada ya asilimia 3.2 ni karibu kilo 550. Hizo tumelipia kama alizeti, na ni udongo.

Zinabaki karibu kilo 710 zisizo na maelezo. Kwa kiwango chetu hizo ni lita 215 za mafuta, na lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takriban kilo 0.92, kwa hiyo natafuta kama kilo 200 za mafuta. Hapa mashudu ndiyo shahidi. Ukitoa ile ziada ya taka, mzigo huu ulipaswa kutoa mashudu kama kilo 10,600. Yaliyopimwa ni 10,790. Karibu kilo 200 za ziada ziko ndani ya mashudu.

Mizani hiyo ya mashudu inamaliza ubishi mwingi. Mafuta yangekuwa yanachotwa usiku, mashudu yangebaki na uzito wake wa kawaida na mafuta peke yake yangepungua. Alizeti ingetoka getini bila kukamuliwa, vyote viwili vingepungua pamoja. Mafuta yakipungua huku mashudu yakizidi kwa uzito uleule, mashine haikuyatoa.

Nachukua kipande cha mashudu ya Alhamisi. Ni laini, kinapinda kabla ya kuvunjika, na kikibanwa kwenye karatasi kinaacha alama ya mafuta. Mashudu yaliyokamuliwa vizuri hutoka makavu na huvunjika kwa kishindo kidogo. Kipima unyevu nacho kinaonyesha alizeti ya mzigo huu iko juu ya asilimia 9 tunayoikubali. Alizeti yenye maji inateleza ndani ya mashine. Haishikwi na mgandamizo, mafuta yanabaki kwenye mashudu. Mchanga nao haukuishia kwenye chekeche wote. Unaoponyoka unasaga skurubu ya kukamulia, na skurubu iliyolika itatupa tofauti mbaya hata siku tukileta alizeti safi kama dhahabu. Nimeomba ipimwe kabla ya zamu ya kesho.

Saa 10:00 jioni: kikao

Kikao ni kifupi. Mtu wa manunuzi anataka tusome milioni 1.2 na milioni 1.26, tuone tofauti ni shilingi 60,000 tu.

"Dada, elfu sitini kwenye mzigo wa milioni kumi na nane? Hiyo si kitu."

"Ungekuwa sahihi, kaka, kama kilo zingekuwa zilezile. Faida yako nimeihesabu kwa kilo elfu ishirini, hasara ya mashine ni kwa kilo 17,100 tu."

Nazileta kwenye kipimo kimoja. Kwa kilo 17,100 zilizokwisha kukamuliwa, unafuu wa bei ni 60 mara 17,100, sawa na shilingi 1,026,000. Matumizi yamekula 1,260,000. Huo mzigo wa bei rahisi umetugharimu shilingi 234,000 zaidi ya kiwango mpaka sasa, na kilo 2,900 za aina ileile bado ziko stoo. Kuna nafuu ndogo kwa kuwa yale mafuta yaliyobaki yatauzwa kama sehemu ya mashudu, lakini kwa bei ya mashudu.

Msimamizi wa mashine, ambaye kwenye ripoti ndiye anayesomeka kuwa na hasara, haulizwi kuhusu taka wala unyevu. Tunakubaliana kwamba ripoti itaonyesha tofauti ya matumizi ikiwa imegawanywa: shilingi 550,000 za taka ziende kwa manunuzi, na 710,000 zisubiri majibu ya skurubu, kwa sababu unyevu na uchakavu hatujavitenganisha.

Kuna aliyependekeza tupandishe kiwango kiwe kilo 3.5 kwa lita ili kisituumbue kila wiki. Nimekataa. Kiwango hubadilishwa hali ya kudumu ikibadilika, kama aina ya mbegu au mashine. Mzigo mmoja mchafu hautoshi.

Saa 11:15 jioni: kuandika vitabuni

Stoo imedebitiwa 20,000,000 kwa bei ya kiwango. Mfanyabiashara, msafirishaji na ushuru wamekreditiwa jumla 18,800,000, na 1,200,000 imekwenda kreditini mwa tofauti ya bei. Upande wa pili, kazi inayoendelea imedebitiwa 15,840,000, tofauti ya matumizi imedebitiwa 1,260,000, na stoo imekreditiwa 17,100,000. Stoo inabaki na 2,900,000, ingawa kilo hizo zilitugharimu 2,726,000. IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali iliyo stoo, inaruhusu kuthamini mali kwa kiwango iwapo matokeo yanakaribiana na gharama halisi, kwa hiyo wiki hii naacha hivyo. Tungekuwa tunafunga mwaka na pengo la namna hii kwenye stoo nzima, ningelirekebisha kwanza.

Maagizo ya kesho yako kwenye ubao wa stoo: kilo 2,900 zianikwe juani juu ya turubai, zichekechwe mara mbili, zipimwe tena kwa bambo, ndipo zitolewe, na zitolewe kwa mizani. Na ununuzi ujao ukatwe bei papo hapo getini: kila asilimia moja ya taka juu ya 3 inapunguza asilimia moja ya kilo zinazolipwa.