Nilivyokataa televisheni iliyopondeka mlangoni, na pesa zikarudi zote

Jirani yangu alikuwa amesimama kwenye ngazi akinipazia sauti: "Dada, pokea tu! Ukishaiingiza ndani ndio uwapigie simu." Shemeji yangu naye, kwa simu, alisisitiza nitie sahihi kwanza halafu nilalamike baadaye. Ningewasikiliza wote wawili, leo ningekuwa na televisheni ambayo huenda ina mpasuko, na karatasi yenye sahihi yangu inayosema niliipokea ikiwa nzima.

Nilikuwa nimeshaumwa mara moja. Mwaka jana niliagiza blenda ya kama 4,000 hivi, nikalipa mapema kwa M-Pesa. Boksi lilipofika hapa Migosi lilikuwa limebonyea katikati, na nilipolitikisa kidogo nikasikia jagi la kioo likichakarika kama kokoto kwenye debe. Nikamwambia kijana wa boda, "Rudi nayo, siitaki." Akaitikia vizuri kabisa, akafunga mzigo wake na kuondoka. Nikaingia jikoni nikijua nimemaliza kazi.

Jioni ujumbe ukaingia: Customer unavailable. Yaani hawakunipata! Nami nilisimama na yule kijana langoni karibu dakika kumi. Nikapiga simu kwa muuzaji, akaniambia mfumo wake unaonyesha sikuwepo nyumbani. Nikapiga kwa wasafirishaji, wakasema kwao hakuna palipoandikwa kwamba boksi liliharibika. Mzigo ukakaa stoo wiki kadhaa, ukarudi kwa muuzaji, ukafunguliwa, jagi likakutwa vipande vipande. Sasa nani alilivunja, na lini? Muuzaji alimtupia msafirishaji, msafirishaji akamtupia muuzaji, na mimi sikuwa na picha wala jina la kijana wala karatasi. Hizo pesa sikuziona tena.

Hapo ndipo nilipoelewa mambo yanavyoendeshwa. Kijana akirudisha mzigo, lazima achague sababu kwenye simu yake. Akichagua kwamba umeharibika, ataulizwa maswali. Akichagua kwamba mteja hakupatikana, haulizwi kitu. Na kati ya muuzaji na msafirishaji, anayelipa hasara ni yule ambaye mzigo uliharibikia mikononi mwake. Kinachotazamwa ni maandishi ya pale mlangoni. Neno la mdomo halimo humo.

Basi mwezi uliopita nikaagiza televisheni ya inchi 32, elfu 16 na kitu, na 350 za kuletewa. Ikaja imelazwa chali nyuma ya pikipiki, imefungwa kwa kamba ya mpira, ilhali mishale ya boksi yenyewe inaonyesha isimame wima. Pembe moja ya chini ilikuwa imesagika upana wa kiganja changu, na povu jeupe la ndani linachungulia. Juu yake kulikuwa na selotepu ya kahawia iliyobandikwa juu ya selotepu ya kiwandani. Hiyo ya pili ndiyo iliyonishtua kuliko pembe. Kuna mtu aliyeona uharibifu kabla yangu, akaufunika.

Pembe si kitu kidogo kwenye televisheni. Kioo chake ni chembamba na kimeshikiliwa na lile povu la pembeni. Povu likisagika, pigo linakwenda moja kwa moja kwenye kioo, na mpasuko huenda usiuone mpaka uwashe umeme. Kwa hiyo sikutaka kufungua. Ukishakata selotepu, mambo yanabadilika: hukukataa mzigo tena, umepokea na unaomba kurudisha, na ni wewe utakayeulizwa kama hukuivunja mwenyewe.

Kijana akanyoosha simu. "Mama, nisomee zile namba ulizotumiwa."

"Sizisomi, kijana wangu. Nikizisoma, mfumo utasema nimepokea."

Hizo namba za uthibitisho ndizo sahihi ya siku hizi. Ukizitaja, mzigo unaandikwa Delivered hata kama bado uko juu ya pikipiki. Sahihi nyingine iko kwenye karatasi ya mzigo, kile kisentensi kidogo juu ya mstari wa sahihi kinachosema mzigo umepokelewa katika hali nzuri. Usitie sahihi hapo kabisa.

Nikapiga picha mzigo ungali pale pale kwenye pikipiki: kwanza stika yenye namba ya mzigo na jina langu, kisha pande zote za boksi, kisha ile pembe kwa karibu, kisha moja ya kutoka mbali inayoonyesha boksi, namba ya pikipiki na lango letu pamoja. Hiyo ya mwisho ndiyo inayothibitisha kwamba uharibifu ulikuwepo kabla mzigo haujavuka lango langu. Usiiruke.

Halafu nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa kando ya mstari wa sahihi: NIMEKATAA. PEMBE YA CHINI IMEPONDEKA, SELOTEPU IMEBANDIKWA UPYA. SIJAFUNGUA. Nikaweka tarehe, saa 5:20 asubuhi, jina langu na sahihi yangu chini ya maneno hayo. Kijana akasita.

"Mama, mimi ni mbebaji tu, nitakatwa."

Nikamwambia ukweli: karatasi hii inamlinda na yeye pia, kwa sababu inaonyesha hakuniachia mzigo mbovu kimyakimya. Akatia sahihi, nikapiga picha. Angekataa, ningeandika hapo hapo kwamba amekataa, pamoja na namba ya pikipiki.

Nikamwomba achague sababu mbele yangu. Akabonyeza ile ya mzigo kuharibika, nikapiga picha skrini yake. Kabla hajawasha pikipiki, nilikuwa nimeshamwandikia muuzaji ndani ya programu yake ileile niliyonunulia, nikaanza na namba ya oda: nimekataa mzigo huu leo saa 5:20 asubuhi kwa sababu umeharibika kwa nje, sijaupokea wala kuufungua, picha hizi hapa, naomba nirudishiwe pesa zote kwa namba niliyolipia. Simu nilipiga pia, lakini baada ya kuandika. Simu haiachi alama.

Kuna aliyenishauri nitume ujumbe wa malipo kwa 456 ili M-Pesa irudishe. Mlango huo ni wa aliyetuma pesa mahali asipokusudia. Mimi nilimlipa niliyekusudia kumlipa, kwa hiyo madai yangu ni kwa muuzaji.

Njia hii ina mpaka wake. Boksi likija zima na kitu kimevunjika ndani, huna cha kukataa mlangoni. Hapo naandika kwenye karatasi kwamba nimepokea boksi, ndani sijakagua, kisha nafungua huku nikirekodi video bila kukata.

Siku ya tatu muuzaji akaniandikia eti rekodi zinaonyesha sikupatikana. Sijui nani aliyebadilisha, wala sikubishana. Nikamtumia picha mbili tu, ya karatasi na ya skrini ya kijana. Akajibu siku hiyohiyo kwa kuomba radhi. Siku ya tisa bei ya televisheni ikaingia, bila zile 350. Nikaandika tena kwenye mazungumzo yaleyale: nililipia kuletewa televisheni nzima, na haikuletwa. Jumatatu iliyofuata 350 zikaingia.

Nyingine nimeinunua dukani hapa mjini, ikawashwa mbele yangu, nikaja nayo kwa tuktuk nimeishikilia wima mpaka nyumbani.