Kilo kumi na mbili za ndoo

Jana usiku, hapa Tabora, nilikuwa napitia hesabu za mwezi nikafika kwenye ankara namba 0047 ya mteja wangu wa Mwanza. Ndoo 12 za asali, kilo 348, kila kilo shilingi 9,000, jumla 3,132,000. Zile kilo zikanisumbua. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 huchukua kilo 28 hivi. Ndoo 12 ni kilo 336. Nikachukua ndoo tupu na mfuniko wake, nikaipima: kilo moja kamili. Nilikuwa nimeandika uzito wa asali pamoja na chombo, na kaka wa watu nikamlipisha plastiki kwa bei ya asali. Shilingi 108,000.

Sikulala vizuri. Mteja huyu hanipimii tena mzigo ukifika, anaamini nilichoandika.

Asubuhi nilianza kumwandikia ujumbe mrefu: siku ile tulipakia usiku, kijana wa mizani alikuwa mgeni. Nikaufuta wote. Ankara ina jina langu, na yeye anachohitaji ni kujua alipe kiasi gani. Nikabakiza huu:

"Shikamoo kaka. Ankara 0047 niliyokutumia ina kosa langu: nilihesabu na uzito wa ndoo. Kiasi sahihi ni 3,024,000, yaani pungufu ya 108,000. Nimeambatisha ankara iliyosahihishwa. Tafadhali usilipe ile ya kwanza. Samahani sana."

Ankara yenyewe sikuibadilisha kimyakimya kwa namba ileile. Mhasibu wake angekuwa na karatasi mbili za 0047 zenye jumla tofauti, asijue ipi ni ipi. Nimeiita 0047-R, nikaweka tarehe ya leo, na juu nikaandika: "Inachukua nafasi ya ankara 0047." Chini nikatenganisha uzito wa jumla, uzito wa ndoo na uzito wa asali, ajionee mwenyewe. Ile ya zamani nimeihifadhi, nimeiandika IMEFUTWA.

Saa nne akajibu: "Marahaba. Nimeipata dada, mhasibu alikuwa ailipe leo mchana."

Halafu nikafungua faili la nyuma, maana kosa la mizani haliji mara moja. Kweli, ankara 0041 ilikuwa na ndoo 5 zilizopimwa hivyohivyo, na hiyo alishailipa. Hapo ankara mpya peke yake haitoshi, fedha imeshapita. Nimemwandalia kredit noti ya 45,000 inayotaja 0041, nikampigia simu kumwuliza kama nimrudishie au nipunguze kwenye 0047-R.

Kasema nipunguze. Basi atalipa 2,979,000.

Kijana wa mizani nimempa kalamu nyeusi. Kila ndoo sasa inaandikwa uzito wake ikiwa tupu, kabla asali haijamiminwa.