Siku moja maishani mwangu: Jumatatu ya kupanga msimamo wa ligi ya mtaa

Saa 12 na robo asubuhi

Simu imeshajaa ujumbe kabla sijanawa uso. Riziki yangu hasa ni saiba ndogo hapa Umoja, ila tangu vijana wa mtaa waanzishe ligi yao mimi ndiye katibu. Timu ni sita, mechi tatu kila Jumapili, na Jumatatu kabla ya watu kulala lazima msimamo uwe umetoka. Majina ya timu nayaacha nisizue vita. Nitaziita kwa rangi za jezi: Wekundu, Bluu, Njano, Kijani, Weupe na Zambarau.

Marefa huniletea karatasi zenyewe jioni, lakini picha hutuma usiku uleule wa Jumapili. Leo zimefika tatu. Ya kwanza iko wazi, Wekundu 2, Bluu 1. Ya pili pia, Weupe 1, Zambarau 1. Ya tatu ni ya Njano na Kijani, na hiyo ndiyo imenifanya nivae miwani. Jana jioni kulinyesha, karatasi ikakunjwa mfukoni ikiwa mbichi, na mkunjo umepita katikati ya namba ya Njano. Chini kulia kuna kidole gumba cha mpiga picha.

Naikuza. Naona 2-1. Naandika 2-1 kwenye daftari, na pembeni naweka alama ya kuuliza.

Saa 2 asubuhi

Nafungua saiba. Wateja wa kwanza ni wale wa kuchapisha barua za kazi, na mmoja amesahau nywila ya iTax. Kati ya mteja na mteja naandika ujumbe kwa refa wa mechi ya tatu: "Habari ya asubuhi, refa. Tafadhali nitumie ile picha tena, lakini itume kama dokumenti." Picha ikitumwa kwenye wasapu kwa njia ya kawaida hubanwa, na mwandiko wa kalamu ya bluu kwenye karatasi iliyolowa ndio huumia kwanza. Ikitumwa kama dokumenti hufika jinsi ilivyopigwa.

Hajibu. Refa huyu siku za kazi ni fundi wa mabomba, na simu huiacha kwenye begi.

Saa 4 na nusu asubuhi

Kumetulia, naingiza matokeo. Zamani nilikuwa nachukua msimamo wa wiki iliyopita na kujumlisha juu yake kwa mkono, mpaka siku niliyogundua kosa la wiki ya pili tukiwa wiki ya nane. Siku hizi nina karatasi mbili kwenye kompyuta. Moja inaitwa Mechi, ambapo kila mechi ina mstari wake: wenyeji, mabao yao, mabao ya wageni, wageni. Ya pili ni msimamo, nayo hujihesabu yenyewe kutoka ile ya kwanza. Mabao ya kufunga, kwa mfano, hupatikana hivi:

```
=SUMIF(Mechi!A:A,A2,Mechi!B:B)+SUMIF(Mechi!D:D,A2,Mechi!C:C)
```

Yaani tafuta timu hii ilipokuwa mwenyeji, jumlisha mabao yake, kisha tafuta ilipokuwa mgeni na ujumlishe tena. Tofauti ya mabao ni kufunga kutoa kufungwa. Pointi ni ushindi mara 3, kisha unaongeza sare.

Nikishaingiza, kabla ya kutazama nani yuko wapi, natazama mstari wa chini wa jumla. Bao moja linapofungwa huandikwa mara mbili, kwa aliyefunga na kwa aliyefungwa, kwa hiyo tofauti za mabao za timu zote lazima zijumlike kuwa 0. Zimejumlika 0. Mabao ya kufunga na ya kufungwa yanalingana. Mtu mwenye haraka angeishia hapo.

Lakini safu ya mechi zilizochezwa inasema 35. Timu sita zikicheza mara sita kila moja ni 36. Na pointi ni 50, wakati mechi 18 zenye sare tatu zinapaswa kutoa 51: kila mechi hutoa pointi 3, ila sare hutoa 2 tu, basi ni 54 kutoa 3. Kuna timu imepoteza mechi nzima.

Ni Weupe. Nilipoandika jina lao nilibonyeza nafasi moja baada ya herufi ya mwisho. Kwangu mimi "Weupe" na "Weupe " ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni timu mbili. Mechi yao haikuhesabiwa upande wao, na kwa kuwa ilikuwa sare ya 1-1, waliondolewa bao moja la kufunga na moja la kufungwa. Tofauti haikutikisika hata kidogo. Wangekuwa wameshinda au wamefungwa, ile 0 ingenipigia kelele. Kwa sare imenyamaza. Ndiyo maana safu ya mechi zilizochezwa siiachi hata siku moja.

Nafuta ile nafasi. 36, 51. Sawa.

Saa 6 na nusu mchana

Githeri ndani ya saiba, na kocha wa Bluu kwenye simu. Amejipangia msimamo wake kwa kalamu, akaupiga picha na kuniletea.

"Katibu, si sisi ni wa pili? Tuko na pointi 10, Njano 10, tofauti yetu ni +2 na yao +2. Na mzunguko wa kwanza tuliwafunga."

"Kocha, subiri kidogo. Umejumlisha tofauti zako?"

"Nijumlishe za nini?"

Nazijumlisha mimi: Wekundu +8, Bluu +2, Njano +2, Kijani -1, Weupe -4, Zambarau -8. Jibu ni -1. Bao moja limeingia kwenye lango la mtu bila kufungwa na mtu. Kwa hesabu yake mwenyewe, Kijani wamefungwa kwa mabao mawili na Njano wameshinda kwa bao moja, kwenye mechi ileile. Ya Njano aliipata kwenye picha, kumbe na yeye alisoma 2-1 kama mimi. Ya Kijani aliambiwa na rafiki yake aliyekuwa uwanjani.

Jambo la uwiano wa wawili wenyewe kwa wenyewe nalo halianzi pale anapolianzia. Kombe la Mataifa ya Afrika huanza na matokeo ya mechi kati ya timu zilizolingana pointi, na nadhani huko ndiko amezoea. Kanuni zetu tulizotia sahihi huanza na tofauti ya mabao, halafu mabao ya kufunga, ndipo wenyewe kwa wenyewe. Lakini sikumbishia zaidi, kwa sababu kama kweli matokeo ni 2-1, Njano watakuwa wamefunga 9 na kufungwa 7, na Bluu pia wamefunga 9 na kufungwa 7. Watakuwa wamelingana kila kitu, na Bluu wangepanda kwa ule ushindi wa mzunguko wa kwanza. Senegal mwaka 2018 walilingana na Japani mpaka kwenye mechi yao wenyewe, iliyoisha 2-2, wakatolewa Kombe la Dunia kwa kadi za njano. Kwa hiyo bao hili moja si la kupuuza.

Saa 8 mchana

Refa bado kimya. Narudi kwenye picha ileile, safari hii siitazami ile namba iliyokunjwa. Nasoma orodha ya wafungaji.

Upande wa Njano kuna majina mawili, dakika ya 14 na ya 67. Upande wa Kijani majina mawili, dakika ya 22 na ya 39. Hapo moyo ulidunda, maana hiyo ni 2-2, na Njano wangebaki na pointi 8. Sasa nina matokeo mawili ya mechi moja, na fomula yangu haina msaada. Niweke 2-1 au 2-2, jumla ya tofauti itakuwa 0 vilevile. Ile hesabu ya chini hukamata makosa ya kunakili na kujumlisha. Ukisoma vibaya picha, unasoma vibaya kwa timu zote mbili, na jedwali linakubali.

Kisha nikaona kisanduku cha mapumziko, ambacho hakuna anayekijali. Kiko juu ya mkunjo, safi kabisa: 2-1, Njano wakiongoza.

Nikahesabu kwa dakika. Kabla ya mapumziko kuna mabao matatu, la 14 upande wa Njano, la 22 na la 39 upande wa Kijani. Kama yote mawili yangekuwa ya Kijani, mapumziko yangekuwa 1-2. Refa kaandika 2-1. Basi mmoja wa wale wawili wa Kijani alijifunga: jina lake liko upande wa timu yake, bao likaenda kwa Njano. Mapumziko Njano 2, Kijani 1. Ongeza la dakika ya 67. Ni 3-1.

Nikarudi kukuza ile namba iliyokunjwa. Sasa naiona ni 3, tumbo la chini limelala ndani ya mkunjo. Lakini sikujiamini. Ukishajua unachokitafuta, jicho hukiona hata kisipokuwepo.

Saa 10 jioni

Sikubadilisha jedwali. Nilimwandikia kapteni wa Kijani, kwa kuwa wao ndio waliofungwa na hawana faida ya kuongeza bao la Njano. Sikumtajia 3-1. Nilimuuliza tu, "Kapteni, jana mechi iliisha ngapi, na la dakika ya 39 lilifungwaje?" Ukimuuliza mtu "ilikuwa 3-1, sivyo?" atakujibu ndiyo ili akuache.

Akajibu kwa sauti, nyuma yake matatu ikipiga honi: "Tatu moja, katibu. Hiyo ya 39 beki wetu alikuwa anairudisha kwa kipa, kipa ashatoka."

Saa 12 na nusu jioni

Refa amepita saibani akitoka kazini, suruali ina simenti hadi magotini, na karatasi mkononi. Pale kidole gumba kilipokuwa kimelala, mwisho wa mstari wa dakika ya 39, ameandika kwenye mabano kwamba ni la kujifunga. Namba ya juu ni 3. Nimemwomba wiki ijayo apige picha kabla ya kukunja, karatasi ikiwa mezani na pembe zote nne zionekane. Amesema uwanjani hakuna meza. Tumekubaliana atumie kiti.

Saa 2 usiku

Nimeweka 3-1, nikaangalia tena mstari wa chini: mechi 36, pointi 51, mabao 49 kwa 49, tofauti 0. Wekundu 15. Njano 10 na +3. Bluu 10 na +2. Kijani 7 na -1, Weupe 5 na -4, Zambarau 4 na -8. Nimetuma kwenye kundi pamoja na picha ya karatasi ya tatu ikiwa imenyooshwa.

Kocha wa Bluu ameisoma saa 2 na dakika sita. Saa 2 na dakika ishirini ameuliza kama Jumapili ijayo mechi yao inaweza kusogezwa mpaka saa 8, na refa awe mwingine.