Tulivyoipata jioni yetu Lamu

Mimi na mke wangu hatupendi jioni za muziki wa kupasua masikio. Kwa hiyo tulipokwenda Lamu likizo tulikuwa na haja moja: kutembea ufukweni baada ya jua kuchwa, kutoka kijiji cha Shela kurudi mjini, mwendo wa kilomita 3 hivi. Siku ya kwanza tuliharibu. Tulitoka mjini saa kumi na nusu alasiri, mwezi ukiwa mpevu, na kabla hatujafika nusu ya njia bahari ilikuwa imekuja hadi ukutani. Tulivua viatu tukapita majini, mke wangu kanga imemlowa hadi magotini.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alituona tunajikamua. "Wanangu, leo bamvua," akasema. "Mngeutazama mwezi kwanza." Akatueleza, na tangu hapo nimeshika. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, maji hujaa sana alasiri, kama saa kumi hivi, kisha hupwa mpaka kwenye saa nne usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele karibu dakika 50. Kwa hiyo siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, saa mbili usiku bado ni mapema, maji hayajapwa vya kutosha.

Kesho yake tukageuza safari. Alasiri tulikwenda Shela kwa mashua, tukaketi mchangani. Magharibi ilipoingia tukaanza kuutazama upande wa kisiwa cha Manda, maana bandari ya Lamu inaelekea mashariki: anayetaka kuona jua likizama hapo hataliona, ila mwezi atauona ukichomoza. Usiku ule mwezi ulichelewa kidogo, ukatoka mwekundu, mkubwa, ukapiga mstari juu ya mkondo mpaka miguuni petu. Hatukusema neno muda mrefu.

Tulisubiri isha ipite, tukaondoka saa mbili na nusu. Pale tulipolowa jana palikuwa mchanga mgumu, na majahazi mengine yameegemea ubavu. Tochi tuliwasha penye mawe na kamba za nanga tu, maana ndizo zinazokwaza. Dakika 45 tukawa mjini. Vichochoroni gari hazipiti, ila punda usiku hawalali wote. Ukisikia kwato nyuma yako, sogea ukutani.

Tuliishia uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome iliyomalizwa mwaka 1821, chini ya miti ya mikungu. Tulikula mishkaki motomoto kutoka kwenye jiko la makaa, kisha kahawa chungu kutoka kwenye dele, na kipande cha halua cha kuukata ule uchungu. Wazee walikuwa wamekaa barazani wakicheza bao, sauti pekee ni kete zikidondoka. Mke wangu, ambaye mikahawani huomba tuondoke mapema, aliagiza kikombe cha pili.