Koili, chetezo na sigara za mjomba: jinsi tulivyovipangia saa na mahali

Nyumba yetu ya Majengo, hapa Pumwani, ni ya mtindo wa zamani: korido katikati, vyumba huku na huku, kuta za udongo zilizopigwa plasta, na juu mabati bila dari. Sisi tunakaa vyumba viwili vya mbele, vya nyuma vina wapangaji. Vitu vitatu vilikuwa vikiwaka humu usiku huku watu wamelala. Cha kwanza ni koili, kwa sababu mvua za Aprili zikianza, mitaro hujaa na mbu wa hapa hawana huruma. Cha pili ni chetezo cha mama, ambaye kwake shuka haijawa safi mpaka ifukizwe udi. Cha tatu ni sigara za mjomba, aliyekuja kuishi nasi kutoka Mombasa na dawa zake za mgongo zinazomlegeza. Kuangalia tusiungue kukawa kazi yangu, kwa kuwa ni mimi ninayelala mwisho.

Nilianza kulitilia jambo hili maanani baada ya godoro la mpangaji wetu mmoja. Alikuwa ameweka koili chini ya kitanda, upande wa kichwani, juu ya kifuniko cha mkebe kwa kuwa kile kijibati cha kuisimamishia kilishapotea. Kipande kinachowaka kikakatika, kikagusa ncha ya blanketi iliyokuwa inaning'inia, na kutoka hapo moto ukapanda godoroni. Nilisikia harufu nikiwa koridoni nafunga mlango wa nje. Si harufu ya moshi wa jiko. Ni ya nguo iliyosahaulika chini ya pasi. Kumgongea, akaamka kwa shida, kichwa kinamgonga.

Godoro lenyewe lilikuwa la pamba kuukuu, juu yake sponji nyembamba. Ukitazama, uliona tundu moja tu, upana wa sarafu ya shilingi ishirini, ukingo wake mweusi. Alimwaga jagi la maji, moshi ukakoma, akaligeuza godoro alale upande wa pili. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, kaka." Niliweka kiganja mwanzo kwenye tundu, nikakisogeza polepole kuelekea katikati. Kwenye tundu palikuwa baridi. Mbele yake kidogo, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kizima kabisa, palikuwa na joto kama la chapati iliyotoka kuepuliwa.

Hapo ndipo wengi hupotea. Pamba ikishika moto haitoi ndimi. Inaungua ndani kwa ndani, polepole, ikitumia hewa kidogo iliyojificha kwenye nyuzi, na inaweza kwenda hivyo saa nyingi kabla haijalipuka kuwa moto wa kuonekana. Maji ya juujuu huzima mdomo wa tundu tu. Moshi wake nao una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo humzidishia mtu usingizi badala ya kumwamsha. Maumivu ya kichwa aliyoamka nayo yule kijana hayakuwa ya uchovu.

Tulimwaga ndoo mbili palepale chumbani, watoto wote wakiwa wameshapelekwa uani, ndipo tukalibeba. Mpangilio huo una sababu. Godoro linalofukuta ukilibeba kavu kupita koridoni, upepo hulipuliza, na likiwaka katikati ya njia mmejifungia njia yenyewe. Nje tulilichana kwa kisu. Ndani kulikuwa na pango jeusi la urefu wa mkono wa mtoto, na hewa ilipoingia kuta zake zikawa nyekundu. Tuliendelea kumwaga mpaka maji yakatokea upande wa chini, tukaliacha juu ya saruji, mbali na ukuta, hadi asubuhi.

Kama tungekuta tayari sponji inawaka ndimi, nisingegusa. Sponji huyeyuka na kudondoka matone ya moto, na moshi wake mweusi wenye sumu hujaza chumba kidogo kwa dakika chache. Hapo ni kutoa watu, kuvuta mlango nyuma yenu ili moto ukose hewa, kupiga kelele nyumba nzima isikie, na kupiga 999 au 112. Godoro hununuliwa jingine.

Asubuhi ile nikaanza na koili, maana ndiyo iliyo kwenye kila chumba. Koili nzima huwaka kama saa saba au nane. Ukiiwasha saa nne usiku unapoingia kitandani, inawaka mpaka karibu na alfajiri, yaani usingizi wako wote. Lakini mbu wa mtaa wetu huingia kwa wingi magharibi. Kwa hiyo sisi huiwasha saa kumi na mbili na nusu jioni, dirisha likiwa wazi kidogo, na saa tatu tunaizima na kushusha neti. Kuzima si kupuliza. Unavunja kipande kinachowaka pamoja na kidogo cha mbele yake, kinaangukia mchangani, unakizika. Kilichobaki kinangoja kesho. Wapangaji hawakunisikiliza nilipozungumzia moto, ila nilipowaonyesha kwamba koili moja sasa inavuka jioni tatu, walikubali siku hiyohiyo. Pesa ina ufasaha wake.

Chombo ni sufuria kuukuu pana, mchanga mkavu wa vidole viwili ndani, na kijibati kimechomekwa katikati. Sufuria iwe pana kuliko koili, ili ikikatika popote ianguke ndani. Koili huuzwa mbili zilizoshikana, na ukizitenganisha kwa pupa hupata ufa usioonekana. Hapo penye ufa ndipo hukatika ikiwaka. Mimi huziachanisha taratibu kuanzia katikati, na yenye ufa naivunja kabisa na kuwasha kile kipande kizima tu.

Mahali pa kuweka sufuria nilipapata kwa blanketi. Nilimwambia mwanangu alale, ajigeuze kama anavyojigeuza usiku, na blanketi nikaliacha lianguke lenyewe. Lilifika mbali kuliko nilivyodhani, karibu na mguu wa meza. Kutoka ncha yake nikahesabu hatua moja kubwa, nikaweka alama ya chaki. Sakafuni, si juu ya stuli. Si chini ya pazia linalogawa chumba. Wala si mbele ya dirisha, maana upepo huifanya koili iwake haraka na kurusha cheche. Wengine hupenda kuiweka mlangoni kwa hoja kwamba mbu hupitia hapo. Mbu kweli hupitia hapo, lakini hata nyinyi mtatokea hapohapo. Na chumba kikiwa kidogo hivi kwamba hakuna kona inayotosha, koili isiingie usiku kabisa. Iwashwe jioni watu wakiwa macho, basi.

Kwa mama mambo yalihitaji adabu. Yeye hufukiza nguo kwa kuzitandaza juu ya tenga, chetezo chini, na baada ya Isha alikuwa akikisukuma chini ya kitanda ili godoro lipate harufu. Sikumwambia aache udi, nani angethubutu? Nilimwomba ahamishie kazi hiyo baada ya Alasiri, akiwa ameketi hapohapo. Shida ya chetezo ni kwamba kaa likivikwa majivu huonekana limekufa, kumbe ndani bado lina moto, na pindo la leso likiligusa hushika kimyakimya. Vile vidonge vyeusi vya makaa vya kufukizia vina kemikali kidogo ya kuvirahisishia kuwaka, kwa hiyo vikishika hurusha cheche. Mama sasa huviwasha uani, akavileta ndani baada ya kutulia. Akimaliza, kaa linakwenda kwenye kopo la maji mpaka lisitoe tena sauti wala mvuke. Halitupwi kwenye ndoo ya takataka, ambayo ni ya plastiki na ina karatasi. Malalamiko yake ni moja tu: harufu ya Alasiri haifiki usiku. Tukaafikiana kwamba shuka zilizofukizwa zikunjwe na kutiwa sandukuni, zitandikwe wakati wa kulala. Sasa anasema ni afadhali hivi.

Mjomba ndiye aliyekuwa mgumu. Mtu mzima wa umri wake humwambii asivute. Alikuwa akivuta sigara ya mwisho akiwa ameegemea mto, baada ya kumeza dawa. Sigara ikimponyoka mtu aliyesinzia, haibaki juu ya shuka ikaonekana. Huviringika mpaka kwenye ufa kati ya godoro na ukuta, ikakaa pale inafukuta. Nilibadilisha mpangilio tu. Dawa yake ikawa kwangu, na nampelekea akishamaliza kuvuta. "Shikamoo mjomba, dawa iko tayari, sigara imekwisha?" Akijibu bado, nangoja. Pale uani nilimwekea benchi na kopo la bati lenye maji nusu. Kisahani cha majivu cha kuwekwa juu ya kitanda nilikiondoa, kwa sababu kikipinduka humwaga vichungi ambavyo havijazimika. Usiku wa mvua kubwa hatoki, na hilo sijalipatia dawa kamili. Huvuta akiwa amesimama kizingitini, kopo mkononi, na mimi nasimama naye tukizungumza habari za Mombasa mpaka kichungi kilie ndani ya maji. Kitanda chake nacho nilikisogeza kutoka ukutani, upana wa kiganja, ili ule ufa usiwe mfuko.

Kabla ya kulala napita. Naanza kwa mjomba: napitisha mkono kati ya godoro na ukuta, kisha chini ya mto. Nasikiliza joto na harufu, si moshi, kwa maana moshi huchelewa. Halafu sufuria za koili, nagusa mchanga kwa mgongo wa mkono. Halafu kopo la mama. Mwisho naangalia kufuli. Mlango wetu hufungwa kwa ndani, na ufunguo ulikuwa ukilala kwenye mfuko wa suruali ya mtu. Sasa uko kwenye msumari karibu na mlango, kimo ambacho hata mtoto wa darasa la pili anaufikia gizani. Nilimjaribisha taa zikiwa zimezimwa. Aliupata, akafungua, akatoka uani akicheka, na bibi yake akamgombeza kwa kukanyaga matope na soksi.