Kibodi ya kuviringisha na kibodi ya kukunja katika vikao vya wavuvi Mafia

Kazi yangu ya kuandika mihutasari ya vikao vya vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile ambavyo wavuvi wenyewe huviita BMU, hunipeleka Mafia mara kwa mara, na kutoka Utende huvuka kwa mashua hadi Chole, Juani au Jibondo. Kompyuta mpakato niliacha kuibeba kwa sababu ya uzito, shida ya umeme na maji ya chumvi, nikabaki na simu yenye skrini kubwa. Simu hiyo inanitosha kwa kila kitu isipokuwa kuandika kurasa kadhaa kwa vidole gumba huku watu wakizungumza na wengine wakidakizana. Nikatafuta kibodi ya kuingia kwenye mkoba mdogo, na tangu wakati huo nimetumia aina mbili: ile ya silikoni inayoviringishwa kama mkeka, na ile ya plastiki inayokunjwa kwa bawaba.

Kibodi ya silikoni ndiyo iliyonivutia kwanza, kwa sababu muuzaji aliimwagia maji mbele yangu, akaipangusa kwa kitambaa na kuendelea kuandika. Hakuwa akidanganya. Ndani ya silikoni kuna utando mwembamba wenye njia za umeme, na chini ya kila kitufe kuna kijibonge cheusi cha kaboni kinachounganisha njia mbili pale kitufe kinapobonyezwa hadi chini. Kwa kuwa utando wote umefungiwa ndani ya silikoni, maji, mchanga na chai havina pa kupenyea upande wa vitufe. Sehemu ngumu ni moja tu, nayo ni kisanduku kidogo cha ubavuni chenye chipu na, kwa zile zisizo na waya, betri na tundu la kuchajia.

Tatizo lilijitokeza nilipoanza kuandika Kiswahili kwa kasi. Kitufe cha silikoni hakina mhimili wa kukishusha sawasawa: ukikibonyeza katikati kinagusa, ukikibonyeza ukingoni kinalala upande na kijibonge cha kaboni hakifiki chini. Vidole vyenye nguvu hupiga katikati bila shida. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ndicho dhaifu kuliko vyote, hupiga ukingoni, na chini ya kidole hicho ndiko iliko herufi *a*. Kiswahili hakina herufi inayotumika zaidi ya hiyo. Sentensi niliyokusudia isomeke «Mwenyekiti alisema wavuvi wanaotumia nyavu za macho madogo waandikiwe barua» ilitoka hivi: «Mwenyekiti lisema wvuvi wnaotumia nyavu z macho mdogo wandikiwe brua». Mtu anayeandika lugha nyingine huenda asiuone upungufu huu kwa ukali huo, lakini kwetu viambishi vya nafsi na vya ngeli hutegemea irabu hiyo, na *lisema* badala ya *alisema* ni kosa ambalo jicho lililochoka hulipita usiku wakati wa kusahihisha.

Nilipunguza makosa hayo kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuinua viganja na kushusha vidole wima, jambo linalochosha mikono baada ya muda lakini linaloleta kaboni chini kila mara. Ya pili, iliyosaidia zaidi, ilikuwa kuacha kuitandika kibodi juu ya mkeka, kitambaa au mapaja. Silikoni ni laini, hivyo kilicho chini yake kikiwa laini pia, nguvu ya kidole huishia huko na kitufe hakifungi njia. Kaunta buku lenye jalada gumu lilitosha kuwa meza yangu, na kwa kuwa silikoni hung'ang'ania karatasi ngumu, kibodi haikuteleza hata mashua ilipoyumba. Hata hivyo kasi yangu haikuwahi kufikia ile ya kibodi ya kawaida, na kwa kikao kirefu naiona kuwa kifaa cha kunakili hoja na maazimio, si cha kufuata mazungumzo neno kwa neno.

Kuhusu udumifu, silikoni yenyewe haina neno. Kinachokufa ni utando wa ndani. Njia zake za umeme huvumilia mviringo mpana, lakini hazivumilii mkunjo mkali, na mkoba uliojaa hugeuza mviringo kuwa mkunjo bila mwenyewe kujua. Dalili zake zinasomeka vizuri ukielewa kwamba vitufe havina waya mmoja mmoja. Vimepangwa kwenye mistari inayopishana, na vitufe kadhaa huchangia mstari mmoja. Kitufe kimoja kikifa peke yake, yawezekana kijibonge chake kimechakaa au kimepata uchafu. Vikifa kadhaa kwa pamoja, mstari umekatika. Kibodi yangu ya kwanza ilipoteza 3, E, D na C asubuhi moja, nami nikaipeleka kwa fundi simu wa Kilindoni, ambaye aliipinda polepole huku akibonyeza E hadi herufi ikatokea na kupotea tena. «Bosi, waya umekatika ndani,» alisema. «Nikiipasua silikoni niunge, maji yataingia hapo hapo.» Alikuwa sahihi: kinga ileile inayozuia maji ndiyo inayozuia matengenezo.

Iliyofuata niliipatia kipande cha bomba la plastiki la maji lenye upana wa karibu sentimita 5. Naiviringisha juu ya bomba hilo kuanzia upande usio na kisanduku, vitufe vikitazama nje ili visikandamizane, kisha naifunga kwa utepe wa kitambaa bila kuikaza. Bomba linachukua nafasi zaidi mkobani kuliko matangazo ya kibodi hizi yanavyoahidi, lakini ndani yake hukaa waya wa kuchajia, kwa hiyo silalamiki.

Maji nayo yanahitaji maelezo, kwa sababu neno «haiingii maji» huandikwa kwenye boksi kwa maana tofauti tofauti. Alama ya kutazama ni IP ikifuatwa na tarakimu mbili: ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP67 maana yake vumbi haliingii kabisa, na kifaa kimepimwa ndani ya maji yenye kina cha mita 1 kwa dakika 30. IPX4, ambayo X yake inaonyesha kuwa kinga ya vumbi haikutajwa, ni kinga ya maji yanayorushwa tu. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, si kwa maji ya bahari wala chai ya maziwa, na mara nyingi kinga huhesabika tu kifuniko cha tundu la kuchajia kikiwa kimefungwa. Boksi lisilo na tarakimu yoyote nalichukulia kuwa halijaahidi kitu. Kwa safari za baharini nilihamia kwenye kibodi ya silikoni yenye waya, inayochomekwa kwenye simu kwa kiunganishi cha OTG, kinachoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB. Haina betri wala tundu la kuchajia, kwa hiyo maji yanabaki na mlango mmoja tu, ambao ni plagi ya USB, nayo naweza kuifunika kwa mfuko mdogo wa plastiki. Inakula chaji ya simu kidogo, na hilo nimelikubali. Nikifika nchi kavu huosha upande wa vitufe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kwa sababu chumvi iliyokauka huvuta unyevu na kula vyuma vya plagi. Mafuta ya taa na petroli havifai kabisa, maana hufanya silikoni ivimbe.

Kibodi ya kukunja ni habari nyingine. Vitufe vyake ni vya plastiki ngumu, kila kimoja kimekaa juu ya kimkasi kidogo kama vya kompyuta mpakato, hivyo hata ukikigonga ukingoni kinashuka chote kwa usawa. Herufi *a* zangu zilirudi siku hiyohiyo. Kelele zake ni ndogo lakini zinasikika, na katika kikao kimoja Jibondo mwenyekiti alisimamisha hoja akaniuliza, «Mwanangu, hicho kidude chako kinatafuna nini?» Nikamjibu, «Kinatafuna maneno yenu, mzee,» na kikao kikaendelea. Silikoni isingeleta swali hilo, kwa kuwa haitoi sauti yoyote.

Udhaifu wa aina hii uko bawabani na pembezoni. Ili kibodi ikunjike katikati, mshono hupita kati ya T, G, B upande mmoja na Y, H, N upande wa pili, na watengenezaji hulazimika kupanua au kusogeza baadhi ya vitufe hivyo, hivyo vidole hujifunza upya mahali pa B na H. Pembeni kulia, ambako nafasi imebanwa, kitufe cha ritifaa hupunguzwa, au ritifaa huhamishiwa kwenye kitufe kingine kinachobonyezwa pamoja na Fn. Kwangu hilo si dogo, kwa kuwa *ng'* huja kila baada ya mistari michache. Kibodi inayodai Fn kwa ajili ya ritifaa nimeirudisha dukani bila kujadili sifa zake nyingine. Chini ya bawaba hupita waya bapa unaopindika kila ukifunga na kufungua, na ukianza kuchoka, nusu moja ya kibodi hukatakata kulingana na pembe uliyoifungulia. Nyingi hazina kitasa cha kuzishikilia zikiwa wazi, kwa hiyo hapa pia kaunta buku linahitajika.

Kimiminika ndicho adui yake mkubwa. Chai yenye sukari ikimwagika, hupita pembeni mwa vitufe hadi kwenye vimkasi, ikikauka hunata, na kung'oa vitufe vidogo hivyo ili kuvisafisha huvunja ndoano zao za plastiki. Kinachofaa ni kuizima mara moja, kuigeuza kifudifudi ikiwa wazi, na kutoichaji hadi iwe imekauka kabisa. Kama iliyomwagika ni maji ya bahari, sitegemei kuiona ikipona.

Waliojaribu kuchanganya aina hizi mbili wapo. Mwaka 2015 LG walitoa Rolly, yenye safu za plastiki ngumu zinazojiviringisha kuwa kijiti, na umbali wa milimita 17 kati ya kitufe na kitufe, wakati kibodi ya mezani huwa na takriban milimita 19. Wazo lake lilikuwa jema kwa mkono, lakini halikuwa jibu la maji.

Kwa hiyo nabeba zote mbili. Ya kukunja hukaa ndani ya boksi la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, na haitolewi humo nikiwa mashuani, hufunguliwa ukumbini. Ya silikoni hutumika ufukweni wakati wa kupima samaki na ndani ya mashua, ambako naandika tarakimu na majina ya vyombo, kazi ambayo haihitaji kasi. Ninaponunua nyingine, humwomba muuzaji nafasi ya kuandika sentensi moja kwenye simu yangu: «Baba na kaka waliwakamata ng'ombe ng'ambo ya barabara saa tatu kasorobo.» Naiandika haraka, bila kutazama vidole, kisha nahesabu *a* zilizopotea na kuangalia ritifaa zilipatikana wapi.