Vishina vya tiketi na mkorosho wa mzee: nilivyoshika hesabu za timu yetu Newala

Jumapili ya kwanza nikiwa mhazini nilikabidhiwa mfuko wa rambo wenye shilingi 61,500. Ndiyo mapato yote ya mlangoni, niliambiwa. Nilikuwa uwanjani tangu saa tisa na watu niliwaona kwa macho yangu: upande wa goli la shule peke yake walikuwa wamesimama safu tatu. Kiingilio kilikuwa 500. Ukigawa, unapata watu 123. Mimi si mtaalamu wa kukadiria umati, lakini 123 ni watu wa msiba mdogo, na pale hata sauti ya filimbi ilikuwa haisikiki.

Sikumtuhumu mtu. Nilimuuliza tu kijana aliyekuwa mlangoni, "Mdogo wangu, tiketi zilizobaki ziko wapi?" Akacheka. Hakukuwa na tiketi. Watu walikuwa wanatoa hela, wanaingia, na hela inakwenda mfukoni mwake, kisha jioni anaitoa. Hata kama hajala hata senti moja, hakuwa na njia ya kulithibitisha hilo, na mimi sikuwa na njia ya kumtetea.

Timu yetu ni ya kijiji, kilometa chache kutoka Newala mjini, na uwanja ni wa shule ya msingi. Ukienda uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara mjini, ukuta unakufanyia nusu ya kazi. Sisi ukuta hatuna. Kwa hiyo kabla ya tiketi ilibidi tupate mlango, maana mlango bila uzio ni kituko, watu wanakupungia mkono wakipita pembeni. Fundi cherehani mmoja alitushonea viroba vya salfeti vilivyokwishatumika, vikawa pazia refu, tukalifunga kwenye miti tuliyoichimbia upande wa barabara na upande wa madarasa. Pande mbili zilizobaki ni mashamba, huko tulivuta kamba na kuweka mgambo wawili. Kamba haimzuii mtu mwenye nia, lakini mtu mzima mwenye heshima zake haruki kamba mbele ya wakwe.

Kisha tukachapisha vitabu vya tiketi kwenye duka la vifaa vya ofisini mjini. Kila kitabu kina majani 100 yenye namba za mfululizo, na kila jani lina kishina kinachobaki kitabuni. Rangi mbili: ya wakubwa 500, ya watoto 200. Siri iko katika kugawa kazi. Anayeuza hasimami mlangoni. Anakaa mezani hatua kama kumi kabla, anapokea hela na kutoa tiketi. Mlangoni anasimama mtu mwingine ambaye haruhusiwi kushika hela kabisa. Kazi yake ni kuichana tiketi katikati na kutia kipande kimoja kwenye ndoo. Akiona mtu anakuja na noti mkononi, anamrudisha mezani. Tulikuwa tunawachagua hawa wawili wasiwe ndugu wala marafiki wa kijiwe kimoja. Na kabla ya mechi mimi na kiongozi mmoja wa timu pinzani tunaandika namba ya kuanzia, wote wawili tunaweka saini.

Jumapili ya kwanza ya utaratibu huo, na nakwambia umati ulikuwa uleule, tulipata 118,000.

Hebu nikuonyeshe hesabu ya siku moja ilivyo. Fainali ya kombe letu tulianza na tiketi ya wakubwa namba 401, ya mwisho kuuzwa ikawa 712. Ukitoa 401 kwenye 712 unapata 311, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu hiyo 401 yenyewe nayo imeuzwa. Ni tiketi 312, sawa na 156,000. Za watoto ziliuzwa 97, sawa na 19,400. Jumla ilipaswa kuwa 175,400. Tulipohesabu hela pale mezani zilikuwa 173,900. Pengo la 1,500, yaani tiketi tatu za wakubwa. Muuzaji akakumbuka mwenyewe: mwenyekiti alileta wageni watatu akasema "hawa wangu, waachie." Tukaandika kwenye daftari, wageni wa mwenyekiti, watatu. Mwenyekiti alinuna siku mbili, kisha akalipa.

Ndoo nayo ina kazi yake. Vipande vya ndani ya ndoo vikipungua sana kuliko vishina, kuna watu wamenunua tiketi lakini hazikuchanwa, na tiketi isiyochanwa inaweza kurudi mezani ikauzwa mara ya pili. Ilitutokea mara moja. Tangu hapo kila mechi tunagonga mhuri wa tarehe nyuma.

Sasa matumizi ya siku hiyohiyo. Refa, washika vibendera wawili na mwamuzi wa mezani, 60,000. Mgambo 20,000. Spika na benchi za kukodi 25,000. Shule tunaipa 15,000 kwa ajili ya uwanja, na chokaa ya mistari ilikula 8,000. Hiyo ni 128,000. Tulikuwa tumeiahidi timu pinzani mafuta ya Kanta yao, 30,000. Tukabaki na 15,900. Fainali! Siku yenye watu wengi kuliko zote za mwaka! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mlango unailipa mechi tu, na mwaka mzima hauwezi kuubeba. Viongozi waliokuwa wanaota kununua mipira mipya kwa kiingilio walikuwa wanajidanganya, nami nilikuwa miongoni mwao.

Ada ya wanachama ndiyo ilipaswa kuubeba mwaka. Katiba yetu ilisema shilingi 1,000 kwa mwezi. Tuna wanachama 64. Januari walilipa karibu wote, kufika Juni nilikuwa na majina 11. Nilikuwa nawafuata hadi nyumbani, wakiniona tu kwa mbali mtoto anatumwa aje kusema baba ametoka. Siwalaumu. Huku kwetu hela ina msimu. Kuanzia Juni mikorosho inatoa maua na mkulima yuko kwenye kutoa tu, salfa, vibarua wa palizi, ada za shule. Hela inaingia kuanzia Oktoba, minada ikishafanyika na malipo yakaingia kwenye akaunti. Kumdai mkulima wa korosho elfu moja mwezi wa Julai ni kumfundisha kukukwepa.

Tukabadilisha katiba kwenye mkutano mkuu: 10,000 kwa mwaka, mara moja, inalipwa kati ya malipo ya mnada wa kwanza na mwisho wa Desemba. Mjumbe mmoja alitaka tupitishe makato kwenye chama cha msingi cha ushirika ili hela ikatwe kabla mkulima hajaishika. Nilipinga kwa nguvu zote. Neno makato linavyochukiwa hapa, timu ingepata ada ya mwaka mmoja na uadui wa miaka kumi. Badala yake siku za malipo nilikuwa nakaa kibarazani karibu na wakala wa benki, na kitabu cha risiti na kadi. Mtu anatoka na hela yake, anasalimia, "Shikamoo mwalimu, bado unatudai?" Nacheka nae, analipa. Msimu ule walilipa 47.

Kosa tulilofanya ni kusema mwenye kadi anaingia bure. Kadi ikawa ya ukoo. Leo kaja nayo baba, kesho shemeji, na mapato ya mlango yakaporomoka. Tuliifuta zawadi hiyo, tukawapa wanachama upande wa magharibi, chini ya miembe, kwenye benchi. Mechi inaanza saa kumi, upande ule jua liko mgongoni mwako, wengine wote wanakunja uso dakika 90. Hakuna aliyelalamika tena kuhusu kulipa kiingilio.

Wadhamini niliwaacha mwisho kwa sababu nilikuwa nimeshindwa nao. Mwaka wa kwanza nilipeleka barua saba za kuomba ufadhili, nikapata chupa za maji katoni mbili. Mwaka wa pili sikupeleka barua. Nilikwenda na vile vitabu vya vishina kwa mwenye duka la pembejeo mjini, mwezi wa Aprili, kabla wakulima hawajaanza kununua salfa. Nikamwekea mezani vitabu vya mechi tano. Alivipekua kwa kidole kama anahesabu noti. Akauliza, "Hawa wote ni wakulima?" Nikamwambia wengi wao, na nikamtajia vijiji wanakotoka. Hakutaka kusikia habari ya kukuza vipaji. Alitaka jina la duka liwe mgongoni mwa jezi, litangazwe kwenye spika kabla ya mechi na wakati wa mapumziko, na jezi zivaliwe kuanzia Mei. Alitoa jezi 18 na 150,000 taslimu.

Hizo taslimu niliziomba kwa makusudi. Jezi ni nzuri, lakini refa halipwi kwa jezi. Na kitu cha mdhamini nakiandika kwenye ukurasa wake kama kilivyo, jezi 18, katoni mbili, sikigeuzi kuwa shilingi, la sivyo mkutano mkuu unaona jumla kubwa halafu unauliza hela iko wapi. Ahadi siziandiki kabisa. Tulishaahidiwa mipira kumi hadharani, mbele ya spika, watu wakapiga vigelegele, kocha akaipanga kwenye mazoezi yake. Bado tunaisubiri.

Mwaka huo tulikamilisha pia usajili. Fomu na katiba tulivipitisha kwa ofisa michezo wa wilaya, na cheti kilipotoka tukafungua akaunti yenye watia saini watatu. Rambo nikaistaafisha.

Tatizo lililobaki ni mkorosho. Nje ya kamba, upande wa kusini, kuna mkorosho mkubwa wa mzee mmoja, na matawi yake yanaona uwanja wote. Nilishawahi kuhesabu watu 26 juu yake. Tulifikiri kuweka mgambo, lakini mwenye mti ndiye aliyetangulia kuja kwangu, amekasirika, wanamwangushia maua. Nikamwambia, "Mzee wangu, shika kitabu hiki cha tiketi, ukae hapo chini wewe mwenyewe, nusu yako nusu ya timu." Alikitazama, akakirudisha. Alikuja kukichukua mwishoni mwa Novemba, alipomaliza kuokota korosho zake. Kiti cha mkoroshoni ni 300, watoto hawaruhusiwi kupanda, na kuanzia Juni mti ukichanua anafunga biashara hadi msimu uishe. Vishina vyake analeta Jumatatu asubuhi, na havijawahi kupishana na hela.